Dodoso linasema wamepata nafuu, mahojiano yanasema programu imekwama: anza na wale 84

*"Tumemaliza miezi sita ya programu ya afya ya akili kwenye jamii, vituo 8, wahudumu wa jamii wanafanya vikao vya ushauri na watu wenye sonona. Mwanzoni tulipima watu 240, wastani wa PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona ambalo alama za juu ni hali mbaya zaidi, ulikuwa 14.2. Mwishoni tukawapata 156, wastani 8.1. Lakini mahojiano 18 tuliyofanya na wahudumu na wasimamizi karibu yote ni malalamiko: usimamizi hamna, wateja hawaji, kazi nyingi. Sasa niamini kipi, na ripoti niandikeje wakati data zinagombana?"*

Ndugu yangu, mi sioni kama zinagombana, naona zinaongelea watu tofauti. Dodoso lako la mwisho limeongea na waliobaki, mahojiano yameongea na waliokuwa wanahudumia, na kuna watu 84 katikati hapo ambao hakuna aliyewauliza chochote. Hao ndo wanaoshika jibu lako, kwahiyo tuanze nao kabla hatujafika kwenye ripoti.

Fungua faili la data, chukua alama za mwanzo peke yake, alafu gawa watu makundi mawili, waliopatikana mwishoni na waliopotea. Angalia wastani wa mwanzo wa kila kundi. Tuseme wale 156 walianza na 13.1. Basi wale 84 lazima walianza na kama 16.2, maana wote kwa pamoja wanatakiwa kutoa 14.2 yako. Unaona kinachotokea? Ulikuwa unasema alama zimeshuka 6.1 (kutoka 14.2 kuja 8.1) kumbe unalinganisha watu 240 na watu 156, sio watu wale wale. Ukilinganisha mtu na yeye mwenyewe, wametoka 13.1 kuja 8.1, yaani wameshuka 5.0. Na waliopotea ndo waliokuwa na hali mbaya zaidi tangu siku ya kwanza.

Sasa fanya hesabu moja ya ukali: chukulia wale 84 hawakubadilika kabisa, wamebaki na 16.2 yao. Wastani wa watu wote 240 mwishoni unakuwa kama 10.9 au 11, na kushuka kunakuwa 3.2 hivi. Sisemi huo ndo ukweli, inawezekana wengine walipata nafuu wakaona hawana haja ya kurudi, na hilo hutokea sana kwenye huduma hizi. Ila sasa una mipaka miwili, 5.0 ukiwahesabu waliobaki tu na 3.2 ukiwa mkali, na kwenye PHQ-9 tofauti hiyo ina maana kubwa kwasababu mabadiliko ya alama 5 ndo huchukuliwa kama badiliko ambalo mtu mwenyewe analisikia kwenye maisha yake. Kwahiyo kama programu imefika hapo au haijafika inategemea kilichowapata watu ambao hujaongea nao. Weka namba zote mbili kwenye ripoti, usimfiche mfadhili ya pili.

Kuna vitu viwili vingine vya kukagua kwenye dodoso kabla hujaliacha. Cha kwanza, watu waliingiaje kwenye programu? Kama waliingizwa kwasababu walipata alama 10 au zaidi siku hiyo, ujue baadhi yao walipimwa kwenye wiki mbaya. PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita tu. Ukiwachagua watu wakiwa juu alafu ukawapima tena baada ya miezi sita, wastani utashuka hata usipowapa huduma yoyote. Kama huna kundi la kulinganisha, mfano waliokuwa wanasubiri zamu yao ya kuanza, huwezi kusema programu ndo imeshusha hizo 5 zote. Sema "zimeshuka kwa waliofuatiliwa", usiseme "programu imeshusha". Inaonekana ni neno tu lakini msomaji makini ataliangalia hilo kwanza.

Cha pili, nani aliuliza maswali mwishoni? Nimeshakutana na mradi ambao mhudumu aliyekaa na mteja vikao vyote ndo huyo huyo alirudi na dodoso. Sasa jiweke kwenye nafasi ya yule mteja, mtu amekuhangaikia miezi, amekaa mbele yako na kalamu, anakuuliza "ndani ya wiki mbili zilizopita, mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa?" Utamwambia karibu kila siku? Wengi hawawezi, wanaona kama wanamvunja moyo. Kama kwenye vituo vyako vingine mwulizaji alikuwa mhudumu na vingine alikuwa mtu wa nje, tenganisha matokeo uone. Ukikuta walioulizwa na mhudumu wao "wamepona" zaidi, shuku kwanza aliyeuliza kabla hujausifia ushauri.

Twende kwenye mahojiano. Hayo 18 ni mazuri na usiyatupe, ila yana upande mmoja. Mhudumu ukimuuliza vikwazo ni vipi, atakutajia vile anavyoviona kutoka alipokaa: mizigo ya kazi, usimamizi, fomu nyingi, wateja hawaji. Hadanganyi. Lakini "wateja hawaji" kwake ni sababu, wakati kwako wewe mtathmini hiyo ni kitu cha kuelezwa, yaani swali lenyewe. Kwanini hawaji? Yeye hawezi kukujibu vizuri, na saa zingine yeye mwenyewe ni sehemu ya jibu.

Kwenye mradi mmoja niliofanyia tathmini maandishi ya mahojiano ya wahudumu yalijaa sentensi moja, "jamii haina mwamko". Tulipowatafuta walioacha, dada mmoja alituambia kikao cha pili alikuwa ameshaanza kulia, akasikia mtu anakohoa nyuma ya ukuta. Chumba kilikuwa kimegawanywa kwa mbao ambayo haifiki juu, na upande wa pili ndo kulikuwa na benchi la watu wanaosubiri kupima. Alifuta machozi, akasema ana haraka, hakurudi tena. Mwamko alikuwa nao, alikuja mwenyewe bila kuitwa. Hakuna mhudumu hata mmoja aliyekuwa ametaja ule ukuta kwasababu wao walishauzoea.

Kwahiyo nakushauri rudi field ukafanye mahojiano mengine machache, 12 mpaka 16 yanatosha, na safari hii dodoso ndo likuchagulie wa kuongea nao. Ndo maana halisi ya mbinu mseto, data moja inaiongoza nyingine. Kufanya dodoso na mahojiano alafu kuyabandika kwenye ripoti moja hakutoshi. Tengeneza makundi manne: waliomaliza vikao na alama zikashuka angalau 5, waliomaliza vikao lakini alama hazikushuka, walioacha vikao lakini walipatikana kwenye dodoso la mwisho, na waliopotea kabisa. Angalia hayo mawili ya mwisho sio kitu kimoja, mtu anaweza kuacha ushauri kikao cha pili na bado akajibu dodoso, na wapo waliomaliza vikao vyote wakahama kabla ya dodoso. Watu wengi wanachanganya hapa, wanaandika "walioacha" wakati wanamaanisha "hatukuwapata". Chukua watatu wanne kila kundi, wasitoke kituo kimoja, na kundi la waliopotea ulipe nafasi zaidi kama unaweza kuwapata.

Kuwapata kunataka ustaarabu sana. Tumia tu njia ya mawasiliano waliyoikubali siku wanasaini fomu ya ridhaa. Akipokea mtu mwingine simu usitaje afya ya akili wala jina la programu, omba kuongea na mhusika basi. Usimtume mhudumu wake wa zamani kwenda kumtafuta, maana anaweza kuwa ndo sababu ya kuondoka. Na mtu akisema hataki, ndo imeisha, andika tu kwamba amekataa, hiyo nayo ni data. Kama fomu yenu ya ridhaa haikusema mtarudi kuwauliza maswali mengine, rudi kwanza kwenye kamati ya maadili kabla hujapiga simu hata moja.

Na swali lenyewe usiulize "vikwazo vyako vilikuwa nini". Ukiuliza hivyo unapewa majibu ya semina: umbali, muda, nauli. Muombe akusimulie siku moja. "Nikumbushe siku ya mwisho uliyokuja kwenye kikao, ilikuwaje kuanzia ulivyotoka nyumbani?" Alafu kaa kimya. Vitu kama ule ukuta wa mbao vinatoka hapo, kwenye maelezo ya nani alimuona akiingia, alikaa wapi akisubiri, mhudumu alisema nini akajisikia vibaya. Kwa waliomaliza bila nafuu, uliza walichofundishwa na wakakijaribu nyumbani, kikaishia wapi. Hao ndo wanakuonesha kama ushauri wenyewe ulikuwa unatolewa kama ulivyopangwa au kikao kilikuwa kimegeuka kuwa mawaidha.

Ukishapata maandishi yote, ya zamani na mapya, yapange kwa kituo. Kila kitu kilichojitokeza kipe alama kwa kila kituo, kuanzia -2 (kinazuia sana) mpaka +2 (kinasaidia sana), 0 ikiwa hakisukumi upande wowote. Wanaotumia CFIR, kiunzi cha kuchambua kinachosaidia na kinachozuia utekelezaji wa huduma, wanafanya hivi mara nyingi na kiunzi hicho kitakusaidia usisahau maeneo, yaani huduma yenyewe, mazingira ya nje, mazingira ya ndani ya kituo, watu, na namna utekelezaji ulivyokwenda. Lakini sharti moja usilivunje: wanaotoa alama hizi wawe wawili, kila mtu peke yake kwanza, na wasiwe wameona matokeo ya dodoso ya vituo hivyo. Akishajua kituo cha 2 kimefanya vizuri, macho yake yataanza kuona sifa za kituo cha 2 kwenye kila ukurasa, hata kama ni mtu mwaminifu kiasi gani. Wakitofautiana wakae warudi kwenye maandishi, wasigawane tu katikati.

Baada ya hapo ndo unaziweka pamoja kwenye jedwali moja. Nikupe mfano wa vituo vinne kati ya 8, tuchukulie kila kimoja kilianza na watu 30:

| Kituo | Waliopatikana mwishoni | Kushuka kwa PHQ-9, watu wale wale | Kushuka kama waliopotea hawakubadilika | Usimamizi | Faragha |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 11 | 8.0 | 2.9 | -1 | -2 |
| 2 | 25 | 6.4 | 5.3 | -2 | +1 |
| 4 | 23 | 5.5 | 4.2 | -2 | 0 |
| 8 | 16 | 2.7 | 1.4 | -2 | -2 |

Lisome taratibu. Usimamizi umelalamikiwa kila mahali, kwenye vituo vizuri na vibovu sawasawa. Ungehesabu tu umetajwa mara ngapi ungeandika kwamba usimamizi ndo kikwazo namba moja, na pesa zote za awamu ya pili zingeenda huko. Lakini kikwazo ambacho kipo kila kituo hakiwezi kueleza kwanini kituo cha 2 kimetofautiana na cha 8. Haimaanishi usimamizi hauna shida, inawezekana umewabana wote kwa pamoja na wote wangeenda juu ukirekebishwa, ila data hizi haziwezi kukuonesha hilo. Faragha inafanya kitu kingine, inatenganisha. Penye faragha mbaya watu wanapotea, au wanabaki bila nafuu.

Sasa kituo cha 1. Ukiangalia safu ya kushuka peke yake ndo bingwa, 8.0. Mameneja wengi wangekichukua kama kituo cha mfano, wangewapeleka wengine wakajifunze pale. Lakini wamebaki watu 11 kati ya 30 na faragha ni -2. Waliobaki pengine ni wale ambao kuonekana hakuwasumbui, au walioanza na hali ambayo ingeshuka haraka. Ukihesabu kwa ukali kinashuka mpaka 2.9, kinakuwa cha tatu kwenye hivi vinne. Dodoso peke yake lisingekuambia hilo, na mahojiano peke yake yasingekuambia, kwasababu wahudumu wa kituo hicho huenda wanajivunia kwa haki kabisa, wateja wanaowaona ni wale waliopata nafuu. Kila ukiona kituo chenye matokeo mazuri sana, cheki kwanza wangapi wamebaki.

Tahadhari hapa. Vituo 8 ni vichache mno kwa takwimu za uhusiano, usije ukaenda kupiga hesabu ya uwiano kati ya alama ya faragha na kushuka kwa PHQ-9 ukaandika imethibitika. Kituo kimoja kikibadilika hadithi yote inayumba. Unachopata kwenye jedwali hili ni dhana yenye nguvu, yenye maelezo ya watu nyuma yake, ya kwenda kujaribiwa: hamisha vikao kwenye chumba kinachofungwa kwenye vituo vitatu, uone kama watu wanaacha kupotea. Pia watu wa kituo kimoja wanafanana zaidi kuliko watu wa vituo tofauti, mhudumu ni yule yule, chumba ni kile kile, kwahiyo ukipiga hesabu zozote za watu 156 usiwachukulie kama watu 156 waliookotwa kila mmoja kivyake, mwambie mtakwimu aweke kituo kwenye modeli.

Ripoti yenyewe sasa. Usiandike sura ya dodoso, alafu sura ya mahojiano, alafu ukurasa mmoja mwishoni wa "mjadala" unaojaribu kuvioanisha. Ukipanga hivyo ndo vinaonekana vinagombana. Panga kwa hoja, na kila hoja ibebe vyote viwili. Ya kwanza ingeweza kusomeka hivi: "Waliofuatiliwa mpaka mwisho alama zao zilishuka kwa wastani wa 5.0. Watu 84 hawakupatikana na walikuwa wameanza na hali mbaya zaidi. Tukichukulia hawakubadilika, kushuka kunakuwa 3.2. Walioacha wanaeleza kwamba waliondoka kwasababu walisikika au walionekana, na vituo vyenye faragha duni ndivyo vilivyopoteza watu wengi zaidi. Wahudumu hawakukitaja kikwazo hiki." Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe hata mtu akikuomba. Tofauti kati ya kilichoonwa na watoa huduma na kilichowapata wateja ni tokeo lenyewe, sio kasoro ya utafiti wako.

Na zikibaki sehemu ambazo data kweli hazikubaliani hata baada ya haya yote, ziandike kama zilivyo. Mfano unaweza kukuta mtu alama zake zimeshuka kutoka 17 mpaka 9 lakini kwenye mahojiano anasema ushauri haukumsaidia, kilichomsaidia ni kwamba kipindi hicho alipata kazi. Usimlazimishe akubaliane na namba yake.

La mwisho na hili usilisubirishe ripoti. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Leo hii kabla ya kitu kingine toa orodha ya waliojibu 1, 2 au 3 kwenye swali hilo siku ya kwanza na wakawa kati ya wale 84. Hao wasitafutwe kwanza na mtu wa utafiti mwenye maswali ya vikwazo. Wapigiwe na mtaalamu anayejua kuongea na mtu mwenye mawazo hayo, akiwa na sehemu halisi ya kumpeleka siku hiyo hiyo kama hali ni mbaya. Na kwa mahojiano mapya, kila anayeuliza awe na namba ya huyo mtaalamu mkononi kabla hajaanza, mtaalamu awe anajua siku na saa mahojiano yanafanyika na simu yake iwe wazi. Mambo ya mahojiano, alama na jedwali yanaweza kuanza wiki ijayo.